Theluthi Iliyobaki

Amri ya mahakama ilifika ofisini mwetu Machi 2025, ndani ya bahasha ya kaki, siku tatu kabla ya kufunga mishahara ya mwezi. Iliyoileta alikuwa mwanamke mwenyewe. Hakutuma karani wala tarishi. Alimwachia mlinzi langoni, akatia sahihi kwenye daftari la wageni, akaondoka. Mimi ndiye ninayepiga hesabu za mishahara katika kampuni yetu, watu mia moja na kitu, kwa hiyo bahasha ilitua mezani pangu.

Karatasi zenyewe zilikuwa mbili. Juu palikuwa na jina la mahakama ya watoto na namba ya kesi, chini palikuwa na mhuri na sahihi ya hakimu. Katikati, aya moja: mwajiri aliyetajwa hapa akate shilingi 15,000 kutoka kwa mshahara wa mshtakiwa kila mwezi, aanzie mwezi huu, na azitume kwa mama wa mtoto kwa akaunti iliyoandikwa hapa chini. Mshtakiwa alikuwa mtu wetu wa stoo.

Nitamwita hivyo tu, Stoo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwita. Tulikuwa tukila pamoja githeri ya mama mmoja nje ya lango. Nilijua ana mtoto wa kike wa miaka sita ambaye haishi naye. Nilijua pia kwamba kulikuwa na kesi. Sikujua imefika wapi, wala sikuuliza, maana mambo ya nyumba ya mtu huulizi ukiwa na kijiko mdomoni.

Nilifungua Excel.

Stoo alikuwa akilipwa shilingi 60,000, mshahara mmoja wa jumla, bila marupurupu ya nyumba wala ya usafiri. Kabla hata ya kumfikiria mtoto, serikali ilikuwa imekwisha kupita. NSSF ilichukua 3,600. Bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, ilichukua 1,650. Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ilichukua 900. Kodi ya mapato, baada ya kupunguzwa ile nafuu ya 2,400 ambayo kila mfanyakazi hupata, ilikuwa 8,538. Jumla 14,688. Chini ya hizo palikuwa na mstari mmoja zaidi: chama cha akiba na mikopo, 15,200 kila mwezi, mkopo wa miezi 24.

Ukiongeza 15,000 za mahakama, makato yote yanafika 44,888. Hapo ndipo kiini changu cha Excel kiligeuka rangi nyekundu, kwa sababu nilikuwa nimekipanga kifanye hivyo makato yakipita theluthi mbili.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaorodhesha vitu ambavyo mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi, na amri ya mahakama imo katika orodha hiyo. Kisha kinaweka dari: makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mtu wa 60,000, dari ni 40,000, na 20,000 lazima zimfikie mkononi hata kama dunia nzima inamdai. Watu wa mishahara huiita kanuni ya theluthi moja. Tunaikariri kama sala. Ukiivunja, mfanyakazi anaweza kukupeleka kortini, na mkaguzi wa kazi akija ndicho kitu cha kwanza anachokitafuta.

Basi nilifanya nilichofundishwa. Dari 40,000, toa 14,688 za serikali, toa 15,200 za chama, zinabaki 10,112. Nikaandika kwenye mstari wa matunzo ya mtoto: 10,112. Nikahifadhi, nikafunga mwezi, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba nimetii sheria mbili kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nimekosea, lakini ilinichukua wiki mbili kuelewa nimekosea wapi.

Mama wa mtoto alikuja mapema Aprili. Alikuwa na sare ya duka fulani la dawa, na alikuwa na simu mkononi ikionyesha ujumbe wa benki. Hakupiga kelele. Aliniita "kaka" na kuniuliza swali moja, kwamba hakimu aliandika elfu kumi na tano, sasa elfu nne na mia nane na themanini na nane zimekatwa na nani. Nilianza kumweleza kuhusu theluthi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo chama kimelipwa zote?"

Nikasema ndiyo.

"Na serikali?"

Ndiyo.

"Ni mtoto tu ndiye hakutosha."

Sikuwa na jibu. Alipotoka nilirudi kwenye kifungu cha 19 nikakisoma tena, safari hii polepole, nikitafuta mahali panaposema nani akatwe kwanza. Hapapo. Kifungu kinasema mwisho ni wapi, hakisemi foleni ipangweje. Ile foleni niliipanga mimi. Nilimweka mtoto mwisho kwa sababu karatasi yake ilifika mwisho, na programu ya mishahara huongeza mstari mpya chini ya ile ya zamani. Hapakuwa na sababu nyingine yoyote.

Nilimpelekea mkuu wangu suala hilo. Yeye ni mtu wa uhasibu, makini, ila akishasoma kitu mara moja haachi. Alisema nisihangaike, kwa sababu anakumbuka kwamba sheria ya Kenya inakataza kushika theluthi mbili za mshahara wa mtu kwa ajili ya deni. Kwa hiyo, alisema, hata hizo 10,112 pengine ni nyingi, maana serikali na chama tayari wamechukua zaidi ya 20,000.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu kosa lake nimelisikia baadaye kwa watu wengi, wakiwemo mawakili vijana. Kuna theluthi mbili za aina mbili, na zinaelekea pande tofauti. Ya kwanza ni ile ya Sheria ya Ajira: makato yote yakijumlishwa yanaweza kufika theluthi mbili, na moja inabaki. Ya pili iko katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, kinachotaja mali ya mdaiwa ambayo mdai hawezi kuishika baada ya kushinda kesi. Katika orodha hiyo mna nguo zake, sufuria zake, kitanda chake, vifaa vya kazi yake, na theluthi mbili za mshahara wake. Yaani mtu aliyekushinda kesi ya deni la kawaida, tuseme la gari au la kodi ya duka, anaweza kufikia theluthi moja tu ya mshahara wako. Kwa Stoo ingekuwa 20,000. Kikomo hicho kinamhusu mdai huyo mmoja na hukumu yake. Hakijumlishi kodi, wala NSSF, wala mkopo ulioutia sahihi mwenyewe.

Kwa hiyo maswali ni mawili na yanaulizwa kwa zamu. Je, hiki anachokidai huyu mmoja kinazidi kiasi anachoruhusiwa? Halafu, je, kikiongezwa kwa vingine vyote, bado theluthi moja inabaki? Amri ya 15,000 ilikuwa chini ya 20,000, kwa hiyo hata ukiipima kwa kipimo kikali cha deni la kawaida inapita. Tatizo letu lilikuwa swali la pili peke yake, na katika swali la pili kitu kilichokuwa kimejaza nafasi kilikuwa mkopo.

Nilimweleza mkuu. Akasema labda, lakini tusiguse kitu mpaka mahakama iseme. Kwa hiyo Aprili pia tulituma 10,112. Hilo nalijutia zaidi kuliko la Machi. Machi sikujua. Aprili nilijua, nikanyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi.

Tulichopaswa kufanya ni rahisi kukieleza. Amri ya mahakama haipunguzwi na karani wa mishahara. Ikiwa haitoshei, mwajiri anaandika barua kwa mahakama siku hiyohiyo, anaambatanisha slipu ya mshahara, anaonyesha hesabu, na anaomba maelekezo. Au anaitimiza amri yote kisha anaviambia vile vilivyo vya hiari, yaani mikopo na michango ambayo mfanyakazi aliiomba mwenyewe, kwamba nafasi imepungua. Njia niliyoichukua, ya kupunguza kimyakimya na kutomwambia mtu, ndiyo pekee isiyokuwa na mahali pa kusimama. Aliyeagiza 15,000 alikuwa hakimu, na mimi nilimjibu kwa Excel.

Mwezi Mei tuliitwa. Wito ulitaka kampuni ilete slipu za mshahara za mshtakiwa za miezi sita na fomu ya makato ya chama. Nilizileta mimi. Mahakama ya watoto si kama zile za kwenye filamu. Ni chumba kidogo, hakimu anakaa karibu na watu, na wasiohusika hawaruhusiwi kuingia. Stoo alikuwa amekaa benchi la mbele amevaa shati jeupe. Hakunitazama.

Alijitetea mwenyewe, bila wakili, na nakiri kwamba alisema mambo ya kweli. Alisema kabla ya amri alikuwa akifikisha mkononi shilingi 30,112. Sasa zimebaki 20,000. Kodi ya chumba chake Pipeline ni 8,500. Ana mama yake mgonjwa kijijini. Nauli ya mwezi anaijua kila mtu anayepanda matatu. Aliuliza, "Mheshimiwa, mimi nitakula nini?" na sauti yake haikuwa ya mchezo. Niliwahi kumwona akikopa hela ya githeri.

Hakimu hakumkatiza. Alipomaliza, aliomba fomu ya mkopo, akaiangalia tarehe. Kisha aliangalia jalada la kesi, tarehe ambayo mshtakiwa alipokea wito wa kwanza. Mkopo ulikuwa umeombwa siku kumi na sita baada ya wito.

Nilikuwa na fomu ile kwenye faili langu tangu ilipoletwa. Nilikuwa nimeipiga mhuri mimi mwenyewe, kuthibitisha kwamba mshahara wake unaweza kubeba 15,200. Tarehe nilikuwa nimeiona. Sikuwahi kuiweka kando ya tarehe nyingine yoyote, kwa kuwa sikuwa na hiyo nyingine.

Hii ni mbinu ya zamani na kila karani wa mishahara ameiona, hata kama hana jina la kuipa. Mtu akishajua kesi inakuja, anaijaza slipu yake. Anachukua mkopo mkubwa kadiri anavyoruhusiwa, anaongeza mchango wa akiba, mpaka kile kinachobaki kinagusa theluthi moja. Mahakama ikija inakuta ukuta, na ukuta wenyewe umejengwa na sheria iliyotungwa kumlinda mfanyakazi asije akafanya kazi mwezi mzima akatoka mikono mitupu. Stoo alisema hakukusudia hivyo, kwamba pesa alimjengea mama yake nyumba ya mabati. Inawezekana. Nimeshawahi kuona watu wakifanya jambo jema na jambo baya kwa pesa zilezile.

Hakimu alisema mambo matatu tu, na aliyasema kwa Kiswahili ili wote waelewe. Kwamba Katiba, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na mama huyu tayari analipa nusu yake kwa kulala na mtoto, kumlisha na kumpeleka shule. Kwamba mkopo uliochukuliwa kwa hiari, tena baada ya kesi kufunguliwa, hautatangulia mbele ya amri ya mahakama. Na kwamba theluthi ya mshtakiwa haitaguswa, kwa hiyo chama kipewe taarifa kipange upya. Kisha alinigeukia na kuuliza nani aliipunguza amri yake. Nikasimama. Nikasema ni mimi. Aliniangalia kwa muda, akaandika kitu, akaniambia nikae. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kupanga upya kulichukua barua mbili na ziara moja kwenye ofisi ya chama. Afisa wa mikopo hakufurahi, na sababu yake ilikuwa ya msingi. Mikopo ya vyama ina wadhamini, na mmoja wa wadhamini wa Stoo alikuwa mfagizi wa ofisi yetu, mama mtu mzima ambaye akiba yake ya miaka tisa ilikuwa imefungwa pale kama dhamana. Kama malipo yangekatika kabisa, wangemfuata yeye. Nilikuwa sijafikiria hilo. Katika slipu ya mshahara mstari wa chama ni namba moja tu, huwezi kuona kwamba nyuma yake amesimama mama na fagio.

Tulifika mahali hapa: nafasi iliyobaki baada ya serikali na mtoto ilikuwa 10,312. Chama kikakubali 10,300 kwa mwezi badala ya 15,200, na muda wa mkopo ukarefuka kutoka miezi 24 hadi zaidi ya miaka mitatu, riba yake ikifuata. Jumla ya makato ikawa 39,988. Stoo akabaki na 20,012. Zile shilingi kumi na mbili za juu nilizipenda bila sababu.

Palibaki pengo la miezi miwili, 9,776, na slipu haikuwa na pa kulitoa. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wafanyakazi wengi hawakijui: dari ya theluthi mbili inamfunga mwajiri katika kile anachokata, lakini haifuti deni. Kilichoshindikana kukatwa kinabaki kinadaiwa. Hakimu alimwagiza Stoo alipe mwenyewe, kwa mkono wake, katika miezi minne, na alilipa kwa M-Pesa 2,444 kila mwezi. Alikuwa akinionyesha ujumbe wa simu kila mara baada ya kutuma, ingawa sikumwomba. Tulikuwa tumerudi kula githeri pamoja, tukiongea zaidi kuhusu mpira.

Upande wetu, jambo lilikuwa moja tu, kutuma kwa wakati. Mwajiri anayekata pesa ya mfanyakazi kisha asiifikishe inapokwenda anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nimeona kampuni zinakata tarehe 28 na kutuma baada ya wiki tatu, zikizungusha pesa hizo katika biashara. Slipu ya baba inaonyesha amelipa, akaunti ya mama ni tupu, na wawili hao wanaitana waongo huku mwongo ni wa tatu. Ukitaka kujua, usitazame slipu peke yake. Weka tarehe ya slipu kando ya tarehe ya ujumbe wa benki.

Miezi minane mambo yalienda. Kisha Stoo akaleta barua ya kuacha kazi, notisi ya mwezi mmoja. Alisema amechoka na vumbi la stoo. Huenda. Amri ile ilikuwa imeandikwa jina la kampuni yetu, na mtu akitoka langoni amri haimfuati hadi kwa mwajiri mpya mpaka mama arudi mahakamani aombe nyingine. Deni lenyewe haliondoki, ila mkono wa kulikata unakatika. Nilikata 15,000 za mwisho, nikamwandikia mama barua fupi: tarehe ya mwisho ya kazi, kiasi cha mwisho kilichotumwa, na kwamba kuanzia mwezi ujao hatutakuwa na mshahara wa kukata. Nakala nikaipeleka kwa karani wa mahakama. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo.

Alikuja kesho yake, na sare ileile.

"Kaka, ameenda wapi?"

Nilikuwa najua. Siku mbili kabla, kampuni moja iliyo kilomita nne kutoka kwetu ilikuwa imeniandikia barua pepe kuulizia tabia yake kazini, na nilikuwa nimejibu kwamba ni mtu mwaminifu wa kuhesabu mizigo, jambo ambalo ni kweli. Lakini taarifa ya mfanyakazi si yangu kuigawa mlangoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tumepewa semina hadi tukasinzia kuhusu hilo. Nilimwambia siwezi kumwambia.

Aliinamisha kichwa. Alianza kufunga mkoba wake.

Nikamwambia asikilize vizuri. Siwezi kumwambia yeye, lakini mahakama ikiniuliza lazima nijibu. Aende kwenye sajili na namba ya kesi, aombe kampuni iamriwe kueleza inachojua kuhusu mwajiri mpya, aende na barua yangu inayoonyesha tarehe ya mwisho. Aliniomba kalamu, akaandika maneno hayo nyuma ya risiti ya duka la dawa, akanisomea kuhakikisha ameyapata.

Amri ilifika siku kumi na moja baadaye, bahasha ya kaki, mlinzi, daftari la wageni. Nilijibu kwa mstari mmoja wenye jina la kampuni na mtaa ilipo, nikapiga mhuri, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu kabla ya saa sita.